Chupa Ndefu na Bakuli Pana

Popote unaponisikia, msikilizaji: Tunduma mjini kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, au Mpemba, Mlowo, Vwawa, mpaka kule Itumba wilayani Ileje, leo nakupeleka darasa la pili, kwa watoto wa miaka saba, nyuma ya darasa, penye beseni, ndoo, vikombe na chupa zilizokwisha kazi. Walimu wengi huita mahali hapo kona ya kupimia. Mzazi akipita na kuona watoto wamelowa mikono hudhani ni wakati wa mapumziko. Hapana, hapo kuna kipindi cha hisabati, na kipindi chenyewe kigumu kuliko kujumlisha.

Ugumu wake unaonekana ukiweka vyombo viwili tu mezani. Weka chupa ya maji ya lita 1, ile ndefu nyembamba, na pembeni yake bakuli la plastiki, fupi na pana, linaloingia lita 1 na nusu. Muulize mtoto wa miaka saba kipi kinaingia maji mengi. Wengi watakuonyesha chupa bila kusita. Waulize kwa nini, watakwambia kwa sababu ni ndefu. Hawajakosea kuangalia. Wameangalia kimo, na kimo ndicho kinachojitokeza kwanza. Upana unataka jicho lipite mara ya pili.

Jambo hili lilichunguzwa zamani na Jean Piaget kule Geneva, akishirikiana na Alina Szeminska, na kitabu chao kikatoka mwaka 1941. Walimwonyesha mtoto glasi mbili zilizo sawa zenye maji sawa, kisha maji ya moja yakamiminwa kwenye chombo chembamba kirefu mbele ya macho yake. Watoto wadogo walisema maji yameongezeka. Piaget aliona kwamba karibu na umri wa miaka saba mtoto huanza kugeuka: anasema maji ni yale yale, maana hakuna aliyeongeza wala kupunguza. Kwa hiyo darasa la pili la Tunduma ni darasa la watu waliosimama mlangoni. Katika benchi moja, mmoja ameshaingia, jirani yake bado yuko nje, na wa tatu anaingia asubuhi na kutoka mchana.

Lakini mimi navutiwa zaidi na kilichotokea baadaye huku Afrika. Mwanasaikolojia Patricia Greenfield alikwenda Senegali kufanya jaribio hilo hilo na watoto wa Kiwolofu, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1966. Alikuta watoto wengi wasiosoma shule wakisema maji yamebadilika, na baadhi yao wakitoa sababu ambayo haikutarajiwa: maji yamebadilika kwa kuwa wewe mgeni ndiwe uliyeyamimina. Yaani mtu mzima, mgeni, mwenye vyombo vyake, huenda ana uwezo wa kuyafanyia maji jambo. Greenfield akabadili mpango. Akawapa watoto wamimine wenyewe. Idadi ya waliosema maji ni yale yale ikapanda sana. Maji yalikuwa yale yale na vyombo vile vile, ila mkono ulioshika kikombe ndio uliobadilika.

Sikiliza hilo vizuri, kwa sababu linagusa madarasa yetu moja kwa moja. Darasa likijaa, mwalimu hupatwa na kishawishi cha kusimama mbele na kumimina yeye, watoto themanini wakitazama na kuitikia kwa pamoja, "Vikombe vineee!" Wameitikia, naam. Lakini aliyejifunza ujazo kipindi hicho ni mwalimu peke yake, naye alikuwa anaujua tangu zamani.

Sasa tuingie kwenye kona yenyewe, na tuanze na kikombe, maana kikombe ndicho chenye fitina.

Unahitaji kikombe ambacho kila kundi litakitumia kwa namna moja, na unahitaji kujua kinabeba kiasi gani. Usiwe na hofu kwamba shule haina vyombo vya maabara. Tafuta chupa ya maji ya lita 1 ambayo haijafunguliwa. Isimamishe mezani, na kabla ya kugusa kizibo, chora mstari kwa kalamu rashasha pale maji yalipoishia. Huo mstari ndio lita yako 1. Watu wengi hufungua, wanakunywa, halafu baadaye wanaijaza chupa mpaka mdomoni na kusema hii ni lita. Siyo. Kiwandani huachwa nafasi ya hewa shingoni, kwa hiyo ukijaza mpaka mdomoni umezidisha. Mwalimu anayejaza mpaka mdomoni atashangaa kwa nini hesabu zake haziingiani kipindi kizima, na atawalaumu watoto.

Ukishachora, chukua vikombe vinne vya plastiki vinavyofanana kabisa, vile vikubwa vya chai. Gawanya maji ya ile chupa katika vikombe vyote vinne, ukiongeza hapa na kupunguza pale, mpaka maji yawe na kimo kimoja kote. Inama jicho lako liwe usawa wa maji, usitazame kutoka juu. Kisha chora mstari kwenye kila kikombe. Kila kimoja sasa kinapima robo ya lita, yaani mililita 250. Ukitaka kuhakikisha, nenda na kikombe kwa mwenye duka mwenye mizani ya kuaminika: maji ya robo lita yana uzito wa gramu 250, ukiondoa uzito wa kikombe chenyewe. Ndiyo hivyo, umetengeneza kipimo.

Mstari ubaki chini ya mdomo wa kikombe, upana wa kidole hivi. Sababu ni mkono wa mtoto. Kikombe kilichojaa pomoni hakifiki kwenye chupa salama: kitamwagika njiani, na kila kinachomwagika ni kosa ndani ya hesabu. Kikombe chenye mstari kinampa mtoto mahali pa kusimamia na nafasi ya kutetemeka.

Kwa upande wa kumiminia, kata sehemu ya juu ya chupa nyingine, igeuze, nawe una faneli. Makali yake yazungushie utepe wa gundi. Chini ya kila kitu weka beseni kubwa, ili kinachomwagika kibaki kinaonekana. Ndoo ya lita 10 ya kuchotea. Kitambaa cha kufutia. Na vizibo vya soda, vingi, kazi yake nitakwambia.

Tuchukue kundi la watoto wanne. Kazi nazo ni nne. Mmoja anachota. Wa pili ni mkaguzi: anainama, anatazama mstari, na kikombe hakiendi mpaka aseme sawa. Wa tatu anashika chupa na faneli. Wa nne anaweka kizibo kimoja mezani kwa kila kikombe kilichoingia. Baada ya chombo kimoja wanazunguka, aliyechota anakuwa mkaguzi, na kuendelea. Vizibo havipo kwa mapambo. Mtoto anayehesabu kwa mdomo huku maji yakimwagika na mwenzake akipiga kelele atasahau kama ilikuwa tatu au nne. Kizibo hakisahau.

Hatua ya kwanza haina namba kabisa. Jaza chupa mpaka mstarini, halafu mtoto aimimine yote kwenye bakuli. Bakuli halijai. Theluthi moja inabaki wazi. Hapo kuna ukimya kidogo, halafu mabishano. Sasa kinyume chake: jaza bakuli, limimine kwenye chupa. Chupa inajaa, inafurika, maji yanaanguka kwenye beseni. Mtoto aliyesema chupa ni kubwa kwa sababu ni ndefu ameona kwa macho yake, tena kwa mkono wake, kwamba maji ya bakuli hayakuenea. Usimwambie lolote. Muulize tu, "Haya, unasemaje?" Wengine watasema bakuli limenona. Jibu zuri sana hilo. Wamegundua upana kwa maneno yao wenyewe.

Ndipo kikombe kinaingia. Swali sasa ni kubwa kwa vikombe vingapi. Wanajaza chupa: vizibo vinne. Wanajaza bakuli: vizibo sita. Na wanaviandika chini, chombo kimoja kwa kila mstari wa daftari. Mtoto aliyekuwa analinganisha vyombo viwili vilivyosimama pamoja sasa anaweza kulinganisha chombo kilichopo hapa na kilichobaki nyumbani kwa mama yake, kwa sababu kikombe kinaweza kusafiri. Hapo ndipo anapoanza kupima.

Sasa fitina. Kundi la dirishani linatangaza: chupa yetu ni vikombe vinne. Kundi la mlangoni: yetu vitano na kidogo. Chupa ni aina moja. Mwalimu mwenye haraka atasema kundi la mlangoni wamekosea, andikeni nne. Akifanya hivyo ametupa sehemu tamu ya kipindi. Awaite wamimine tena mbele ya wenzao, naye anyamaze. Watoto watagundua wenyewe: yule mkaguzi wa mlangoni alikuwa anamcheka rafiki yake, na kikombe kilikuwa kinakwenda kikiwa robo tatu. Ukifanya hesabu, chupa ya mililita 1,000 kwa kikombe chenye 187 hivi inatoa vikombe vitano na theluthi. Hawakudanganya katika kuhesabu. Waliongopewa na kikombe. Kikombe kikipungua, idadi inaongezeka, na hilo mtoto wa miaka saba hulipokea kwa mshangao, maana amezoea kwamba namba kubwa ni kitu kikubwa.

Msikilizaji wa Tunduma, hili unalijua pengine kuliko aliyeandika mtaala. Umekaa mpakani. Upande huu mahindi na maharage yanapimwa kwa sado na kwa debe, ukivuka Nakonde unakutana na kindoo cha plastiki kinachoitwa meda. Mtoto aliyetumwa sokoni amesikia mama yake akimwambia muuzaji, "Jaza bwana, hiyo haijajaa." Amemwona muuzaji akitikisa kopo anaponunua kwa mkulima ili punje zilale na nyingine ziingie, halafu anapouza anamimina taratibu bila kutikisa. Amesikia habari za lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu. Wakala wa Vipimo wamepigana na lumbesa kwa miaka, na sheria inataka mazao yauzwe kwa uzito, kwa mizani. Lakini ukweli wa sokoni ni kwamba rejareja bado kopo linatawala, na kopo la mtu likibonyea kitako, kibonyeo hicho kina faida kwa mtu fulani.

Wala si kwetu tu. Katika miaka ya 1960 watafiti John Gay na Michael Cole walifanya kazi Liberia kwa watu wa Kpelle, wakulima wa mpunga, na kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Huko mchele ulipimwa kwa kopo waliloliita kopi. Mfanyabiashara alikuwa na makopo mawili: la kununulia, kitako chake kimegongwa kikatokeza nje ili kibebe zaidi, na la kuuzia, kitako bapa. Kila mtu alijua. Na watu hao hao, wengine hawajawahi kukaa darasani, walipoonyeshwa bakuli la mchele na kuulizwa lina vikombe vingapi, walikadiria kwa usahihi uliowazidi Wamarekani walioulizwa swali lile lile. Walikuwa wamefanya kazi hiyo maisha yao yote.

Hapo tunafika kwenye nusu ya pili ya somo, kukadiria, na huku ndiko nadhani tunaharibu zaidi.

Tunavyofanya kwa kawaida ni hivi. Mwalimu anainua dumu la lita 5 na kuuliza: litaingia vikombe vingapi? Watoto wanarusha namba. Kumi! Hamsini! Mia! Kisha wanamimina, inatoka ishirini, na aliyepatia, kama yupo, anapigiwa makofi. Hiyo ni bahati nasibu. Mtoto aliyesema mia hakukadiria, alikuwa anapiga kelele. Aliyesema ishirini naye huenda alisikia kwa kaka yake. Na kuna jambo jingine utaliona ukikaa karibu: watoto hufuta. Aliandika 9 daftarini, maji yakatoka 16, ukigeuka tu 9 imekuwa 16. Siwalaumu, shule imewafundisha kwamba kilichopigiwa mkasi ni aibu.

Tengeneza kazi kwa namna nyingine. Chukua kopo la sado, lile la rangi la lita 4, lililosuguliwa likatakata. Limenyooka ubavuni, juu na chini upana mmoja, na kwa ajili hiyo ni chombo kizuri kuanzia. Kila kundi liweke kadirio la kwanza kwa vizibo: kama wanadhani kumi, vizibo kumi vipangwe mstari pembeni ya kopo, navyo vikae hapo. Kisha wamimine vikombe vinne tu, wasimame. Sasa waangalie ndani. Mtoto alaze vidole nje ya kopo, kuanzia kitakoni mpaka usawa wa maji: yamefika kimo cha vidole vinne vilivyolazwa. Kopo zima je, ni vidole vingapi? Wanalaza kiganja juu ya kiganja mpaka mdomoni, wanapata kama vinne vinne mara nne. Waulize sasa: mnabaki na kumi, au mnabadilisha? Wanapanga mstari wa pili wa vizibo chini ya ule wa kwanza. Mara nyingi utaona wamesogea, wengine 14, wengine 18. Halafu wanamalizia kumimina. Inatoka 16, au karibu, maana makopo ya sokoni hayalingani.

Hapo sasa una mistari mitatu ya vizibo mezani, na cha kuzungumzwa ni kusogea. Kundi la kwanza lilianza na 30 likaja 18. Kundi la pili lilianza na 15 likabaki 15. Nani amekadiria vizuri? Watoto watasema kundi la pili, wako karibu zaidi. Kweli. Lakini waulize kundi la kwanza kwa nini waliteremka, nao watakwambia: tuliona vikombe vinne vimefika hapa. Hiyo sentensi ndiyo makadirio yenyewe: unachukua kidogo unachokijua, unakiweka juu ya kikubwa usichokijua, unahesabu mara. Wapangie ushindi kwa kukaribia, na umbali wahesabu wenyewe kwa vizibo: kutoka 18 mpaka 16 kuna viwili. Kutoa kumeingia mlango wa nyuma bila kugonga.

Ukishaona wamezoea kopo lililonyooka, walete kwenye chombo cha hila. Kwanza chupa ya soda ya plastiki, yenye kiuno na miguu mitano chini. Wamimine vikombe vidogo, vizibo vya dawa ya mafua kwa mfano, wakichora mstari kila baada ya vitano. Mistari haitapishana sawa. Penye tumbo inakaribiana, kiunoni inaachana, na shingoni inaruka. Mtoto atakwambia mwalimu nimekosea, mistari yangu imepinda. Hajakosea, chupa ndiyo iliyopinda.

Kisha ndoo. Hili nalipenda, nivumilie kidogo. Ndoo zetu nyingi za plastiki ni nyembamba chini na pana juu. Mtu akisema nipe nusu ndoo, muuzaji anajaza mpaka katikati ya kimo. Chukua ndoo ya lita 20 yenye upana wa sentimita 25 kitakoni na 30 mdomoni. Katikati ya kimo kuna lita 9 na kidogo tu. Karibu lita nzima imebaki kwa muuzaji, na hakuna aliyesema uongo. Mtoto wa darasa la pili hawezi kuikokotoa hiyo, wala asifundishwe. Lakini anaweza kuigundua kwa dumu: mimina madumu mawili ya lita 5 kwenye ndoo, angalia maji yamefika wapi, halafu pima kwa kamba kimo cha chini na kimo kilichobaki juu. Kamba ya chini ni ndefu. Atakwenda nalo nyumbani hilo, na pengine jioni hiyo hiyo mwenye genge atapata mteja msumbufu.

Sasa nisikie malalamiko ya walimu, maana najua yapo. La kwanza, maji. Mwalimu wa Tunduma atasema, baba, maji ya kunywa yenyewe watoto wanakuja nayo kwenye vidumu, wewe unataka nimwage? Sikutaka umwage. Ndoo moja ya lita 10 inatosha kundi, kwa sababu maji yanazunguka: kutoka ndoo kwenda chupa, chupa kwenda beseni, beseni kurudi ndoo. Mwisho wa siku yanamwagilia miche ya shule. Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku kwetu unavyoijua, asubuhi mkono wa mtoto hauwezi kukaa majini. Miezi hiyo tumia mchanga mkavu uliochekechwa. Mchanga unamiminika kama maji, ila una tabia moja: unajenga kichuguu. Kwa hiyo kikombe cha mchanga lazima kipigwe rula juu, kisawazishwe mdomoni, na hapo mstari wa kikombe hautumiki, mdomo ndio mstari. Mahindi ni mabaya zaidi kama kipimo, kwa kuwa kati ya punje kuna hewa, na kikombe kikitikiswa punje zinashuka. Mimi ningeyaacha mahindi kwa siku moja maalumu, siku ya kuwaonyesha kutikisa kunafanya nini. Jaza kopo, tikisa, ongeza, tikisa. Wana wa wafanyabiashara watacheka kabla hujamaliza.

La pili ni idadi. Watoto themanini, kona moja, kipindi kifupi. Hapa sina dawa ya miujiza. Kinachowezekana ni vituo vinne nje, kwenye baraza au chini ya mti, vikitumiwa na watoto kumi na sita kwa zamu, huku wengine ndani wakifanya zoezi la kuandika vipimo vya jana. Kwa wiki moja kila mtoto atakuwa amemimina. Ukiwa peke yako darasani bila msaidizi hiyo ni kazi ya jasho, na anayesema ni rahisi hajafundisha. Lakini afadhali kila mtoto amimine vyombo viwili kwa wiki kuliko atazame kumi vikimiminwa.

La tatu si lalamiko, ni onyo, nami nalisema kwa ukali. Watoto wakiambiwa waje na chupa, wataleta chupa yoyote. Sisi ni mkoa wa kahawa, na wakulima wengi wa Mbozi wanapuliza dawa. Chupa ya kiuatilifu hairudi kwenye matumizi ya mtoto, hata ioshwe mara saba. Vivyo hivyo dumu la petroli, chupa ya maji ya betri, ya dawa ya mifugo. Mwalimu azipokee chupa mwenyewe getini, asome lebo, na isiyo na lebo wala asili inayojulikana aiweke kando. Chupa za kioo nazo zibaki nyumbani.

Kuna mama mmoja aliwahi kuniuliza mitaani, akitaka kujua kama mwanawe ameelewa au amekariri. Jaribu hili leo usiku jikoni, mzazi. Chukua vikombe viwili vinavyofanana, mwambie mtoto atie maji yawe sawa, mpaka yeye mwenyewe aseme yamelingana. Kisha mpe sahani ya kina na umwambie amimine kikombe kimoja humo. Muulize wapi kuna maji mengi. Akisema kwenye kikombe, usimsahihishe, mwambie tu ayarudishe. Akisema ni sawa, usiishie hapo, muulize amejuaje. Akikujibu "mwalimu alisema", bado. Akikujibu kwamba hakuna kilichoongezwa, au kwamba ukiyarudisha yatafika pale pale, huyo yuko tayari kwa darasa la tatu na mililita zake.

Na zile "kidogo" za vitano na kidogo, tutazizungumza wiki ijayo, kwa sababu huko ndiko sehemu za namba zinakotoka.